UZI: Flaski isiyo na dizeli nayo inachafuka. Bakteria wangu wanakula nini?

mtafuta_koloni
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni kutafuta bakteria wanaokula dizeli kwenye udongo wa gereji. Udongo nimeuchota mtaa wa Gerezani hapa Dar, pale chini ya magari ambapo ardhi imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka na miaka. Nimeweka gramu 5 kwenye flaski ya mililita 250 yenye mililita 100 za maji ya chumvichumvi, halafu mililita 1 ya dizeli, kwenye sheka mizunguko 150 kwa dakika, joto 30. Wazo ni kwamba humo ndani hakuna kaboni nyingine zaidi ya dizeli, kwa hiyo asiyeweza kuila anakufa njaa na anayeweza anabaki na kuzaliana. Kila wiki nahamisha mililita 5 kwenda kwenye mililita 95 mpya zenye dizeli mpya.

Sambamba nina flaski ya kulinganishia, kila kitu kilekile ila haina dizeli, nayo naihamisha vilevile. Tatizo ni hii ya pili. Nayo inachafuka! Msimamizi kaangalia akaniuliza, "Sasa utajuaje kama wale wa kwanza wanakula dizeli?" Sikuwa na jibu. Naomba wajuzi.

Kaka wa Keko
Dogo, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Udongo una mboji, una mizizi iliyooza, una kila kitu. Bakteria wanakula hiyo mboji. Ndiyo maana mnaambiwa mhamishe mara tatu au nne, mboji inaishia njiani. Endelea kuhamisha tu, itasafika.

Halafu ushauri wa bure: dizeli yako inaelea juu, bakteria wako chini, watakutana saa ngapi? Tia Tween 80 matone kadhaa, ichanganyike na maji vizuri. Utaona wanavyoota kwa kasi.

FundiTegeta
Habari njema hii. Mimi nina gereji Tegeta, uani kwangu udongo umelowa oili chafu mpaka mwenye eneo analalamika. Hao wadudu mnauza lita bei gani? Unamwaga tu au unachanganya na maji?

Bi Mkubwa wa Maabara
FundiTegeta subiri kidogo mwanangu, tutarudi kwako.

Kaka wa Keko, sehemu ya kwanza umesema kweli ila ni nusu ya jambo. Sehemu ya pili, hapana. Tween 80 ni chakula. Ndani yake kuna asidi ya mafuta, ile ile ya jamii ya mafuta ya zeituni, na bakteria wengi wa udongo wanaimeng'enya bila taabu yoyote. Ukiitia, umemwekea mgeni sahani mbili mezani halafu unashangaa kwa nini hagusi ile ngumu. Wataota kwa kasi kweli, na kijana ataandika kwenye ripoti kuwa ni walaji wa dizeli.

Mtafuta_koloni, naomba vitu viwili kabla sijasema lolote. Niandikie midia yako yote, gramu kwa lita, kama ulivyopima na si kama ilivyo kitabuni. Na nipe usomaji wa spektrofotomita kwa kila uhamisho, flaski zote mbili.

mtafuta_koloni
Shikamoo Bi Mkubwa. Midia ni ya Bushnell-Haas. Kwa lita:

```
K2HPO4         1.0 g
KH2PO4         1.0 g
NH4NO3         1.0 g
MgSO4.7H2O     0.2 g
CaCl2          0.02 g
chuma (amonia feri sitrati)  0.05 g
pH 7.0
```

Usomaji kwenye nanomita 600, namba ikipanda maji yamechafuka zaidi, mwisho wa kila wiki:

```
uhamisho     na dizeli    bila dizeli
flaski mama    0.88          0.60
wa 1           0.52          0.14
wa 2           0.47          0.05
wa 3           0.46          0.05
```

Bi Mkubwa wa Maabara
Marahaba. Asante, umeandika kama mtu anayetaka kusaidiwa.

Tuanze na safu ya kulia, maana ndiyo inayosema. Flaski mama ina 0.60. Hiyo usiihangaikie sana. Kwanza sehemu yake ni vumbi la udongo lenyewe, mashine haijui tofauti ya bakteria na tope. Pili, udongo wako umetoka chini ya magari. Hata kama asilimia 4 tu ya uzito wake ni oili, gramu 5 zimeingiza miligramu 200 za oili ndani ya flaski unayoiita haina mafuta. Ongeza na mboji yake. Kwa hiyo kwenye flaski mama huna ulinganisho wowote, zote mbili zina mafuta.

Sasa hamisha. Mililita 5 ndani ya 100, umepunguza mara 20. Tena, mara 400. Tena, mara 8,000. Zile miligramu 200 za oili ya Gerezani, kwenye uhamisho wa tatu zimebaki kama miligramu 0.025 ndani ya flaski nzima, hata kama hakuna aliyezila njiani. Hapo huwezi kuona ukungu wowote. Dizeli mpya kwa upande mwingine inaingia upya kila mara, mililita 1, karibu miligramu 830. Hii ndiyo kazi ya kuhamisha. Kaka wa Keko alikuwa sahihi hapo.

Lakini tazama namba zako tena. 0.60, 0.14, 0.05, halafu 0.05. Imeshuka, ikasimama. Kaboni iliyokuja na udongo ingeendelea kushuka mpaka karibu na sifuri. Kitu kinachosimama palepale ni kitu unachokiongeza upya kila wiki. Maana yake kaboni hiyo iko ndani ya midia yako, na mimi nimeshaiona. Soma tena mstari wa mwisho wa chumvi zako.

mtafuta_koloni
Sitrati?

Bi Mkubwa wa Maabara
Naam. Midia ya Bushnell-Haas inataka FeCl3. Najua kilichotokea: umekwenda stoo, kloridi ya chuma haipo au imelowa na kuwa uji, umekuta chupa nyingine yenye chuma, ukaichukua. Wengi wanafanya hivyo, na kwa midia nyingine haina shida. Kwako ina shida, maana zaidi ya nusu ya uzito wa chupa hiyo ni sitrati, na kina Pseudomonas wanaipenda sitrati kupita dizeli. Umeweka miligramu 50 kwa lita, basi sema 30 hivi ni sitrati. Ndani ya mililita 100 ni miligramu 3. Ni kidogo, lakini inatosha kabisa kukupa ule ukungu mwembamba wa 0.05.

Tengeneza midia upya kwa FeCl3. Ikitoka kwenye autoklevu utaona machicha meupe au ya manjano chini. Ni fosfeti imeshikana na chuma na kalsiamu, usidhani imeharibika. Ila nayo inadanganya mashine, kwa hiyo kabla ya kusoma iache itulie na uchote juu, au uhesabu koloni kwenye sahani badala ya kutegemea mashine peke yake.

Nusu Darubini
Bi Mkubwa kamaliza, naongeza moja tu. Kijana, ukihamisha unachota wapi?

mtafuta_koloni
Nasimamisha sheka, naacha mafuta yapande juu, naingiza pipeti chini kwenye maji masafi. Sitaki kubeba mafuta ya zamani.

Nusu Darubini
Nilijua. Walaji wa mafuta wengi hawakai kwenye maji. Wanakaa kwenye mpaka wa maji na mafuta, wengine wamegandamana na tone lenyewe. Acinetobacter na Rhodococcus ni mabingwa wa hilo. Ukichota maji masafi ya chini unawaacha wenye kazi na kuwabeba wanaozurura, wale wanaoishi kwa mabaki ya wenzao. Tikisa flaski kwa nguvu, chota mchanganyiko ukiwa bado unazunguka, vitone vidogo viingie humo humo. Mafuta ya zamani utakayobeba ni kidogo na dizeli ni ile ile, hakuna hasara. Ni kwenye flaski mama tu ndipo unaacha udongo utulie kwanza dakika chache.

Na usishangae siku ukiona maji maangavu kabisa, usomaji uko chini, lakini tabaka la dizeli limevunjika, limekuwa kama maziwa au vipande vinavyoning'inia. Hapo kuna uotaji mzuri pengine kuliko flaski iliyochafuka. Chukua kipande weka kwenye darubini.

Ndizi_Mabibo
Nimefurahia huu uzi. Mimi nilifanya ya selulosi, udongo na mabaki ya migomba kutoka soko la Mabibo. Kaboni pekee ilikuwa kipande cha karatasi ya kuchujia, nusu ndani ya maji nusu nje. Raha yake ni kwamba huhitaji mashine: karatasi inalegea pale pale usawa wa maji, inakatika, inaanguka. Na ile isiyo na mbegu ya udongo inabaki imesimama.

Kilichonitesa ni ukungu wa fangasi uliokuwa unaota kila mara kwenye shingo ya flaski, hata ile isiyo na karatasi. Nilihangaika na midia, na maji, na kila kitu. Kumbe kizibo changu ni pamba. Pamba ni nini? Ni selulosi! Kila sheka ikirusha maji juu, kizibo kinalowa, fangasi wanapata karamu. Nikahamia vizibo vya sponji.

Kaka wa Keko
😂😂 Pamba kabisa. Sawa, Tween nimeifuta. Lakini basi mumwambie dogo aweke hata chachu kidogo kuwaamsha, vitabu vingine vinasema.

Bi Mkubwa wa Maabara
Vipo vinavyosema, kwa sababu kuna bakteria wanaohitaji vitamini na hawajitengenezei. Lakini chachu ya kuamsha nayo ni chakula. Kama analazimika, aweke kidogo sana na flaski isiyo na dizeli ipate kiasi kile kile, halafu atoe ule usomaji. Mimi kwa mradi wa kwanza nisingeweka.

FundiTegeta sasa. Hakuna anayeuza hapa mwanangu, na hata ungeuziwa, udongo wako tayari una hao bakteria. Ndiyo maana huyu kijana kaja kuwachota kwenye udongo kama huo. Wanachokosa ni hewa na naitrojeni. Oili ina kaboni tele lakini naitrojeni karibu haina. Ukichimbua udongo, ukauchanganya na mbolea ya urea kidogo, ukauweka unyevu na kuugeuza mara kwa mara, wataanza kazi wenyewe kwa miezi. Oili chafu ya injini ni ngumu kuliko dizeli na ina metali ndani yake, hizo hazitaliwa na mdudu yeyote. Na kwanza kabisa acha kumwaga.

FundiTegeta
Kumwaga nimeacha, ina wanunuzi siku hizi. Urea nitajaribu. Asante mama.

mtafuta_koloni
Wakuu nimerudi na majibu. Nimetengeneza midia kwa FeCl3, nimeanza upya kutoka uhamisho wa 2 na nachota nikiwa natikisa. Uhamisho wa tatu: na dizeli 0.58, bila dizeli 0.02. Msimamizi ametabasamu.

Ila hiyo 0.02 bado inanisumbua, kwa sababu midia tupu isiyo na mbegu inasoma 0.00. Na nikipanda kwenye agari, kutoka ile isiyo na dizeli zinaota koloni ndogo ndogo, kama vumbi.

Bi Mkubwa wa Maabara
Flaski zote ziko kwenye sheka moja? Ile ya boksi yenye mfuniko?

mtafuta_koloni
Ndiyo. Ya boksi, zimepangwa jirani.

Bi Mkubwa wa Maabara
Basi dizeli inasafiri. Sehemu yake nyepesi inageuka mvuke kwenye joto la 30, inajaza boksi, inapenya kizibo cha jirani. Ukifungua mfuniko asubuhi pua yako si inakwambia? Weka ile isiyo na dizeli chumba kingine. Dar joto la chumba linatosha kabisa, unaweza kuitikisa kwa mkono mara kadhaa kwa siku.

Nusu Darubini
Inawezekana, lakini mimi nisingeapa. Sehemu ndogo ya hiyo 0.02 inaweza kuwa seli zilizobebwa kutoka flaski iliyotangulia: mililita 5 zinabeba watu wao, hawajafa, wanaishi kwa akiba. Na zile koloni kama vumbi, agari yenyewe si safi, ina mabaki ya kaboni, kuna bakteria wanaridhika na hewa ya maabara tu. Jaribio la chumba kingine ni zuri, litatuambia.

Kwa upande wa sahani, usichanganye dizeli ndani ya agari, itajikusanya mabonge. Weka karatasi ya kuchujia ndani ya mfuniko, idondoshee dizeli kidogo, geuza sahani juu chini, mvuke uwafuate. Tumia sahani za kioo, plastiki inaweza kulainika. Na panda sahani ya pili bila dizeli. Usiulize "imeota au haijaota", maana zote zitaota. Uliza ni koloni gani ni kubwa kwenye hii na vumbi kwenye ile. Hizo ndizo za kuchukua.

Ndizi_Mabibo
Hapo nami swali. Kwa nini asingepanda udongo moja kwa moja kwenye sahani ya mvuke tangu mwanzo? Mambo ya flaski na wiki hizi zote ya nini?

Nusu Darubini
Swali zuri, na mimi ni upande wako. Flaski ni mbio. Anayeota haraka kwenye dizeli nyingi na hewa nyingi ndiye anabaki, mara nyingi Pseudomonas au Acinetobacter, na ndiyo maana ripoti nyingi zinafanana hata kama udongo umetoka nchi tofauti. Yule wa polepole, ambaye pengine ndiye aliyekuwa mwingi kule Gerezani, anapotea kwenye uhamisho wa kwanza tu. Ukipunguza udongo kwa maji mara 10, mara 100, mara 1,000 na kupanda moja kwa moja, unampata naye.

Bi Mkubwa wa Maabara
Unampata kama yuko mwingi. Udongo wa mahali ambapo hapajawahi kumwagika mafuta, walaji ni wachache mno, watazamishwa na maelfu ya wanaookota vumbi la kaboni kwenye agari. Hapo bila flaski hupati kitu. Kwa udongo wa gereji nakubali njia zote mbili zinafaa, na angefanya zote mbili mradi ungekuwa mzuri zaidi. Lakini usimwambie flaski ni kupoteza muda.

Nusu Darubini
Sijasema hivyo Bi Mkubwa. Nimesema ni mbio.

mtafuta_koloni
Nimechukua koloni tatu kwa njia ya sahani ya kioo: moja ya kijani kibichi inayong'aa, moja nyeupe yenye kamasi, moja ya waridi iliyokauka. Nimeziotesha kwenye mchuzi wa lishe, halafu mililita 1 ya kila moja kwenye midia na dizeli. Zote zimechafuka ndani ya siku mbili! Hata bila dizeli zimechafuka kidogo.

Kaka wa Keko
Mchuzi! Amebeba mchuzi! Hata mimi sasa naona.

Bi Mkubwa wa Maabara
Umejifunza Kaka wa Keko. Mililita 1 ya mchuzi ina kama miligramu 8 za chakula kizuri. Zungusha seli kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, zichanganye na maji ya chumvi ya 0.85%, zungusha tena, mara mbili. Ndipo uzipande.

Na ukifika kwenye kupima dizeli iliyobaki, usichote sampuli. Kamua flaski nzima kwa heksani, suuza na kuta zake, heksani ivukizwe taratibu, upime uzito. Flaski yenye dizeli bila bakteria ikae sheka hiyo hiyo, siku hizo hizo. Tuseme uliweka gramu 0.83, flaski isiyo na bakteria imebakiza 0.55 kwa sababu ya mvuke tu, na yenye bakteria 0.31. Mtu mwenye haraka ataandika asilimia 63 imeliwa. Ukweli ni kwamba bakteria wamechukua 0.24 kati ya 0.55, karibu asilimia 44.

mtafuta_koloni
Nimeosha seli kama ulivyoelekeza, na ile isiyo na dizeli niliihamishia chumba cha pili. Imesoma 0.01, kwa hiyo sijui kama ni mvuke au ni akiba, pengine vyote.

Koloni zikiwa peke yake: ya kijani 0.22, ya waridi 0.17, ya kamasi 0.02, yaani haioti kabisa. Lakini kwenye flaski ya mchanganyiko ndiyo nyingi kuliko zote, nikihesabu sahani ni karibu nusu. Na nikiziweka tatu pamoja zinafika 0.49. Hii ya kamasi inaishi kwa nini?

Nusu Darubini
Dau langu: inakula anachomwaga wa kijani. Mlaji wa dizeli akiikata anatoa alkoholi na asidi za mafuta nje, na wengine wanaishi kwa hizo. Jaribu wawili wawili.

Bi Mkubwa wa Maabara
Hiyo peke yake pengine haitoshi kueleza kwa nini watatu wanafika 0.49. Mwizi wa mabaki si lazima awaongezee wenzake. Mimi naangalia ule ute wake, pengine unavunja mafuta kuwa vitone vidogo na wenzake wanafaidika. Otesha wa kijani kwenye maji yaliyotoka kwa wa kamasi, seli ukiwa umezichuja kwa kichujio cha 0.22. Ila kumbuka maji hayo nayo yana kaboni ndani, kwa hiyo ongeza flaski nyingine, yenye maji hayo na wa kijani bila dizeli.

mtafuta_koloni
Sawa Bi Mkubwa. Na wawili wawili ni flaski sita nyingine ukihesabu na zisizo na dizeli. Sheka inachukua kumi na mbili. Nitaomba nafasi wiki ijayo.